Kati ya Mkono na Kiuno

Kazini walimwita Mkasi, na jina hilo lilimkaa kama kiatu cha saizi yake, ingawa miaka mingi ilikuwa imepita tangu akate chochote kwa mkasi wa chuma. Alikuwa akikata watu. Aliwatoa katika picha walimopigwa na kuwahamishia kwingine: bwana harusi aliyepigwa mbele ya mlango wa choo cha ukumbi akajikuta bustanini, bibi aliyesimama mbele ya pazia lenye madoa akapata ukuta mweupe kama karatasi. Katika studio ya picha alikoanzia kazi, baada ya kumaliza shahada yake ya sanaa na kugundua kwamba hakuna aliyekuwa akimsubiri nje ya lango la chuo, alikata watu wasiopungua kumi kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyetoka bila sikio.

Simu zilipojifunza kupiga picha nzuri, studio ile ilifungwa, naye Mkasi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, akaangukia mikononi mwa mdogo wake wa kiume.

Huyo mdogo wake alijiita Mshauri. Hakuna chuo kilichompa cheo hicho, wala ofisi, wala baraza la watu wenye akili timamu. Alijipa mwenyewe, mbele ya kamera, akiwa amekalia kiti chenye mgongo mrefu kama cha jaji, saa kubwa ya dhahabu mkononi, na watu laki mbili wakaitikia. Alishauri juu ya ndoa. Kwamba ndoa yake mwenyewe ilikuwa imevunjika hakukumpunguzia kitu; aliifanya machimbo, na kila wiki alitoka na jiwe jipya. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma, siku moja baada ya video ya kumi na nne iliyomhusu, ile iliyoeleza kwa kirefu namna anavyokoroma.

Kazi ya Mkasi ilikuwa kutengeneza vijipicha, yaani zile picha zinazotangulia video mtandaoni, ambazo mtu huziona kabla ya kuamua kubonyeza au kupita. Mshauri aliamini kwamba kijipicha ndicho video, na yaliyobaki ni maneno tu. Katika hili Mkasi alikubaliana naye. Alikuwa ameyasikiliza hayo maneno.

Walifanyia kazi katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga. Kuta zilikuwa zimebandikwa sponji nyeusi za kunyonya mwangwi. Nyuma ya kiti cha jaji palikuwa na rafu ya vitabu vilivyochaguliwa kwa rangi ya majalada, na vitatu kati yake vilikuwa vya ufundi wa jokofu. Wakati wa kurekodi feni ilizimwa ili isivume, na Mshauri alitokwa na jasho jingi akizungumzia utulivu wa nafsi.

Jumatano asubuhi aliingia ameshika kikombe chenye sura yake mwenyewe.

"Dada, Ijumaa wiki hii tunapasua anga."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo, na anga bado ipo."

"Cheka tu. Sikiliza jina la video: *Alikuwa Wapi?* Maneno mawili na alama ya kuuliza. Kwenye kijipicha tunaweka mwanamke, amekatwa vizuri, ana mng'ao mwekundu kumzunguka mwili wote. Nyuma yake mandhari mapya yenye ukungu laini. Kwako wewe hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

"Mwanamke yupi?"

Mshauri alipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. "Wifi yako."

Mkasi aligeuza kiti. Kwa zaidi ya miaka miwili mtu huyu alikuwa amemsimulia mkewe kuanzia unyayo hadi utosi, lakini uso wake hakuwahi kuuonesha.

"Si ulishamsamehe? Ulimsamehe kwenye video tatu. Ya pili ulilia."

"Ndiyo maana sasa naweza kuzungumza bila uchungu."

"Amekubali utumie picha yake?"

"Picha ipo kwenye kundi la familia, Dada. Kila mtu anayo. Siyo waraka wa serikali." Akamtumia, akatoka nje kwenda kupokea simu, kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli nyingi kuliko akili.

Picha hiyo Mkasi aliifahamu kwa sababu aliipiga yeye mwenyewe, siku ya kugawa zawadi shuleni. Wifi yake alikuwa amesimama mbele ya ubao wa kijani wa darasa la nne, amevaa gauni la bluu na miwani, nywele kazifunga kisogoni, mkono mmoja umeshika kiuno kama anayengoja mwanafunzi amalize kisingizio. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Aliyezoea ufundi ana udhaifu wake: mikono huanza kazi kabla moyo haujaulizwa. Mkasi alijiambia kwamba ni picha tu, na kwamba kama si yeye, angefanya mwingine, vibaya zaidi. Akafungua.

Kwanza alitoa nakala ya picha na kuiacha ile halisi chini kabisa, imefungwa, isiguswe. Kisha akachukua kalamu ya kompyuta na kuanza kuzunguka mwili, nukta baada ya nukta, begani, kwenye mkono, kwenye pindo la gauni, akivuta mstari ufuate mkunjo wa nguo badala ya kuukata kwa pembe. Hakufuta chochote. Alificha tu, kwa maski, yaani tabaka la kufunikia, ili akikosea aweze kurudisha kwa brashi alichokificha. Kwenye nywele aliiacha kalamu, maana nywele hazina ukingo; alitumia brashi nyembamba na kuzitoa moja moja pale zilipochomoza kisogoni. Halafu aliusogeza ukingo wote ndani kwa pikseli moja, kwa sababu ubao wa kijani ulikuwa umeacha utando wa kijani mabegani, na hakuna kinachomsaliti mkataji mzembe kama rangi ya mahali mtu alikotoka.

Mwisho alifika kwenye uwazi uliokuwa kati ya mkono na kiuno. Hapo ndipo alipokuwa akitazama kwanza katika kazi ya mtu mwingine yeyote. Wazembe huzunguka mwili kwa nje, wakaridhika, wakasahau kwamba mtu aliyeshika kiuno ana dirisha ubavuni, na kwamba dirishani bado mnaonekana mahali alipokuwa. Ndani ya uwazi ule ulibaki ubao, na juu ya ubao, kwa chaki nyeupe, mwandiko wa wifi yake: alama ya kugawanya, ishirini na nne, alama ya sawasawa, thelathini na sita. Mkasi aliuzungushia mstari wa pili na kuutoboa. Namba zikatoweka, pakabaki patupu.

Alikuwa amefika hapo simu ilipoita. Alikuwa mama yao.

"Mwanangu, umemkumbuka wifi yako katika dua zako?"

"Amefanya nini tena?"

"Hakufanya kitu. Jumatatu kamati ya shule inakaa kuchagua naibu wa mwalimu mkuu, na jina lake limo. Watu wawili tu. Miaka kumi na tisa ameila chaki ile, maskini. Nasikia mwenyekiti wa kamati ni mtu wa maadili sana, akisikia fununu tu anakuruka. Lakini yule mtoto ana fununu gani? Hata kucheka anacheka nusu."

Mkasi aliitazama sura iliyokuwa mbele yake, imekatwa safi, haina mahali pa kusimama. "Mama, habari hii umemwambia nani mwingine?"

"Nani? Nilimwambia mdogo wako juzi. Nilidhani atafurahi, walau kwa heshima. Akaniuliza tu, kamati inakaa lini."

Hapo Mkasi alielewa kwa nini video ilipaswa kutoka Ijumaa. Mtu huyu aliyekuwa akiwafundisha watu laki mbili namna ya kuachana kwa upole alikuwa amekaa chini na kalenda.

Mshauri alirudi na picha ya pili katika simu yake. Kilikuwa chumba cha hoteli: kitanda kipana, mito miwili, taa ya kando yenye kivuli cha rangi ya machungwa, na koti la mwanamume limetupwa kitini.

"Mandhari yako haya hapa."

"Hiki ni chumba cha kulala."

"Ni rangi za joto, Dada. Usiwe na mawazo machafu. Tia ukungu."

Mkasi aliweka chumba chini ya tabaka la wifi yake, akakikuza kidogo kupita fremu ili ukungu usije ukafifisha kingo, akatia ukungu kwa kipimo cha thelathini. Chumba kiligeuka uji wa rangi ya machungwa.

"Umezidisha! Haonekani hata yuko wapi. Punguza."

Akaweka kumi na nane.

"Punguza."

Akaweka tisa. Mbao za kitanda zikajitokeza, na mito miwili ikakaa wima.

"Aa, hapana, hapo watasema nimeweka kitanda. Rudisha kidogo." Alikuwa ameinama juu ya bega lake, akinuka marashi ya bei mbaya. "Unajua ninachotaka? Mtu asione kitanda, lakini ajue kuna kitanda."

Akaweka kumi na mbili.

"Hapo hapo! Usiguse! Ona kinavyonong'ona."

Mkasi alimtazama. Katika maisha yake alikuwa amekutana na waongo wa kila namna, na wengi aliwavumilia, kwa kuwa mwongo wa kawaida angalau husimama mbele ya uongo wake na kuutamka. Huyu alitaka uongo utamkwe na watu wengine, kila mmoja chumbani kwake, ili yeye abaki na mikono misafi na kikombe chenye sura yake.

"Na mtu akikuuliza kama alikuwa hotelini?"

"Nitasema, mimi nimesema hoteli? Mimi nimeuliza tu alikuwa wapi. Kuuliza si kosa. Haya, mng'ao."

Aliongeza mstari mwembamba mweupe kuuzunguka mwili, na nje yake mng'ao mwekundu uliofifia kadiri ulivyoenda mbali. Kwa kawaida hatua hii ilimpendeza kuliko zote, maana ndiyo inayomtenga mtu na mandhari na kumleta mbele, aonekane hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Leo mstari ulimzunguka wifi yake kama ule ambao polisi huchora kuzunguka maiti juu ya lami. Ulipita hata ndani ya ule uwazi wa ubavuni, mwekundu, na ndani yake kikachungulia kipande cha mto.

"Ongeza mwekundu. Awe kama anaungua."

"Bado miwani."

"Miwani ina nini?"

"Vioo. Ukimkata mtu mwenye miwani, vioo vinabaki na mahali alipokuwa. Vinaakisi. Lazima nisafishe nichore taa ya hoteli."

"Basi safisha, mimi najiandaa kurekodi." Akaenda kujipaka poda.

Mkasi alikuza picha hadi jicho la kushoto likajaa kiooni. Katika lenzi palikuwa na dirisha la darasa, limejipinda, na vichwa vidogo vya watoto chini yake. Katikati ya dirisha alisimama mtu mweusi kama kivuli, viwiko nje, kamera usoni. Alikuwa yeye. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa mwanamke huyu, saa nne asubuhi, watoto arobaini wakishuhudia, akimwambia, "Wifi, cheka basi na upande wa pili," naye wifi akamjibu, "Upande wa pili nimemwachia mdogo wako, aulizwe aliupeleka wapi."

Brashi ilikuwa tayari mkononi. Ili uongo ule ukamilike ilibidi kwanza ajifute yeye.

Mshauri alikuwa amemaliza shavu moja alipoiweka kalamu mezani.

"Sifanyi," alisema.

"Hufanyi nini?"

"Hiki. Uliangalia kalenda ya kamati, ukaangalia kitanda kinanong'ona kiasi gani, na bado unataka mimi nikuzibie na macho yake."

Mshauri aligeuka, nusu ya uso imepakwa na nusu inang'aa. "Mama ana mdomo mrefu. Sikiliza, Dada, hii ni biashara. Yule mwanamke aliniacha mimi. Aliondoka mchana kweupe, na mizigo yake, na watu wanaona!"

"Kwa hiyo unajua alikuwa wapi. Alikuwa anapakia mizigo."

"Unamtetea mtu baki dhidi ya damu yako?"

"Mtu baki ndiye aliyekufulia soksi miaka tisa."

"Sawa. Sawa kabisa." Alishusha pumzi kama alivyozoea kufanya mbele ya kamera kabla ya neno la hekima. "Unadhani bila wewe nitakufa? Kuna programu kwenye simu, unabonyeza mara moja, mtu anakatika. Bure. Haina shahada, na haina kiburi."

"Ibonyeze."

Akafunga faili. Kompyuta, kwa adabu, ikamuuliza kama angependa kuhifadhi kazi ya asubuhi nzima. Akajibu hapana. Alichukua miwani yake, chaja yake na kitambaa cha kufutia kioo, akapita kando ya vitabu vya jokofu, akatoka.

Akiwa njiani alimpigia wifi yake na kumweleza yote, bila kujipunguzia: kwamba alikuwa amemkata, kwamba alikuwa ametia hoteli, kwamba alikuwa amefika kwenye macho ndipo akasimama.

Upande wa pili palikuwa na kelele za watoto waliokuwa mapumzikoni. "Kwa hiyo ulinikata vizuri?" mwalimu aliuliza hatimaye.

"Vizuri sana, wifi. Ndilo linaloniuma."

"Na mimi nifanye nini sasa? Nikikimbilia kwenye kamati kabla hakijatoka kitu, nitakuwa nimejishtaki mwenyewe. Nikinyamaza, Jumatatu nitaingia mle nikiwa na kitanda mgongoni."

"Nakutumia picha yenyewe. Nzima, kama ilivyotoka kwenye kamera, na tarehe yake na saa yake."

"Itume. Ila wifi, siku nyingine ukitaka kunikata, niambie kwanza nisuke."

Ijumaa saa nne asubuhi Mkasi alikuwa anaanika nguo video ilipotoka. Alifuta mikono kwenye kanga, akafungua, na kwa dakika nzima aliyekuwa akitazama si ndugu wala wifi bali fundi. Programu ya bure ilikuwa imekula sikio la kulia pamoja na nusu ya nywele za kisogoni. Mabegani ulibaki utando wa kijani, kama mkate uliolala wiki mbili. Taa ya hoteli iliwaka kulia, na uso wa mwanamke ulipigwa na mwanga kutoka kushoto. Mng'ao ulikuwa mnene kama bomba la mpira, umepakwa ili kuficha kingo mbovu. Na maneno yale makubwa yaliwekwa pembe ya chini kulia, pale pale mtandao unapobandika urefu wa video, hata alama ya kuuliza ikafunikwa na dakika kumi na moja na sekunde arobaini.

Kisha akatazama kati ya mkono na kiuno.

Programu ilizunguka nje, ikaridhika. Mshauri aliitazama kwenye simu yake, ikiwa na ukubwa wa stempu, akadhani ni mkoba au kivuli, akaridhika pia. Hapo, katikati ya chumba cha hoteli chenye kitanda kinachonong'ona, palikuwa na dirisha la kijani kibichi, halina ukungu hata chembe, na ndani yake kwa chaki nyeupe: alama ya kugawanya, ishirini na nne, sawasawa na thelathini na sita.

Saa ya kwanza watu walitukana kama walivyoelekezwa. Wakamwita mwalimu majina ambayo Mkasi hakuweza kuyasoma mara mbili. Halafu mtu mmoja akakuza picha.

*Jamani, hoteli gani hii ina ubao?*

*Nipeni anwani, wanangu wana mtihani wa hesabu.*

*Nimetafuta. Ni 864. Ukigawanya kwa 24 unapata 36. Asante mwalimu.*

*Mshauri umeuliza alikuwa wapi. ALIKUWA DARASANI.*

Na chini zaidi, pasipo mzaha, mtu aliandika: *Huyu alinifundisha mimi. Huo ni ubao wa darasa la nne. Kaka, muogope Mungu.*

Kufikia adhuhuri watu walikuwa wameukata ule uwazi peke yake na kuusambaza. Hakuna aliyekuwa akizungumzia mwanamke. Walimzungumzia mwanamume aliyempeleka mkewe hotelini na ubao.

Simu ya Mkasi iliita.

"Dada." Sauti haikuwa ile ya kwenye kiti cha jaji. "Ziba hicho kitundu. Nitakutumia faili. Ni dakika tano."

"Ni dakika mbili."

"Basi fanya! Wananicheka, Dada. Kuna mtu ameniita Profesa wa Kugawanya."

"Sizibi."

"Nikiondoa video nitaonekana nimeshindwa."

"Na ukiiacha?"

Ilisikika feni, hakuwa anarekodi.

"Mimi nilikuwa nauliza tu," alisema, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Na watu wamekujibu," Mkasi alisema, akakata, akarudi kwenye nguo zake. Video iliondolewa kabla ya saa kumi.

Lakini kilichoondolewa huko hakikuwa kimeondoka kwenye simu za watu, na Jumatatu asubuhi Mkasi hakuweza kunywa chai. Alijua watu wa kamati. Wapo wanaoona tusi na jibu lake, wakabaki na tusi. Saa saba simu iliita, na wifi yake alianza kuzungumza bila salamu.

"Mwenyekiti alikuwa ameichapisha, wifi. Kwa rangi. Akaiweka mezani imefunikwa kama maiti, akasema kuna jambo zito limejitokeza. Akaifunua. Hakuna aliyenitazama usoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka yako kando yake. Ile nzima. Ubao, watoto waliokaa mbele, tarehe. Nikawaambia, aliyeipiga yupo na anaweza kuja. Wakazitazama zote mbili kwa muda. Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa, akaniuliza kwa nini sikio langu halipo kwenye hii. Nikamwambia hilo aulizwe mtaalamu wa ndoa."

Mkasi aliketi kwenye ngazi. "Halafu?"

"Halafu yule mzazi anayeuza vifaa vya ujenzi akacheka, akashindwa kujizuia, na wengine wakafuata. Mwenyekiti peke yake ndiye ambaye hakucheka. Akaitia ile ya kwake chini ya mafaili kama mtu anayeficha soksi, akasema tuendelee na ajenda. Wamenipa, wifi. Kura nne kwa moja. Ya moja ni yake, najua."

"Hongera, naibu."

"Nataka hiyo picha kubwa, ya kuweka ofisini. Na usiniguse chochote. Nyuma yangu niachie palepale."

Mkasi aliichapisha katika duka la uchapishaji lililoko nyuma ya soko la vitambaa, na mwenye duka, alipoona jinsi alivyoisoma karatasi kabla ya kuikubali, akamuuliza kama anatafuta kazi. Tangu siku hiyo anakaa kule, karibu na mashine inayonuka wino wa moto, akikata watu wanaojua kwamba wanakatwa.

Mama yao aliomba wapatanishwe. Mshauri alijibu kwa video. Ilitoka majuma mawili baadaye, ikaitwa *Ndugu wa Damu Anapokugeuka*, na kijipicha chake kilikuwa na mwanamke wa makamo, mkono kiunoni, amezungukwa na mng'ao mwekundu mnene, nyuma yake moto wenye ukungu. Mwenye duka aliinama amwoneshe, kwa wasiwasi.

"Huyu si wewe?"

Mkasi alivaa miwani. Nusu ya kitambaa chake cha kichwani haikuwepo. Kidevu kilikuwa kimechongwa kama penseli. Picha ilitoka kwenye sherehe ya familia ya mwaka juzi, alipokuwa amesimama na mdogo wake amemshika kiwiko, na programu ilikuwa imemtoa yule mdogo na kumwacha dada. Alikuza picha taratibu, si usoni, bali chini, pale anapotazama kwanza sikuzote.

Kati ya mkono wake na kiuno chake palikuwa na kiganja cha mwanamume, kimeshikilia kiwiko chake kwa ndani, kimekatika juu kidogo ya kifundo, na kwenye kifundo ile saa kubwa ya dhahabu ambayo watu laki mbili waliijua kuliko uso wa mwenyewe.

"Niseme kitu?" aliuliza mwenye duka. "Nimwandikie?"

"Mwache," alisema Mkasi. "Wataikuza wenyewe." Akavuta karibu picha ya mteja aliyekuwa akingoja, bibi mmoja aliyeshika kiuno mbele ya lori, akaanza na ule uwazi.